Kuandika aya moja ya insha ya historia: hoja, ushahidi na ufafanuzi kwa mfano wa kushindwa kwa Abushiri

Swali la Abushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani wa pwani dhidi ya Wajerumani, huwaponza zaidi wanafunzi wanaomjua. Aliyekulia Pangani au Bagamoyo amesikia habari zake tangu utotoni, na akishika kalamu anamwaga yote: bendera ya kampuni, mapigano, kukamatwa, kitanzi. Ukurasa unajaa, alama hazionekani. Habari hazikupungua hata moja. Ila swali liliuliza kwa nini, naye akajibu ilikuwaje.

Dawa yake ni kujifunza kuandika aya moja fupi yenye sehemu tatu. Hoja ni jibu lako kwa swali, katika sentensi moja. Ushahidi ni jambo mahususi lililotokea, ambalo mtu mwingine anaweza kulihakiki. Ufafanuzi ni sentensi zinazoonyesha ni kwa njia gani jambo hilo linatufikisha kwenye hoja. Aya nzima ina maneno kati ya 110 na 140. Hoja hupata sentensi moja, ushahidi mbili, na ufafanuzi tatu hivi. Tazama mgao huo vizuri: ufafanuzi ndio unaochukua karibu nusu ya aya. Wengi wanaandika kinyume chake, ushahidi sentensi sita na ufafanuzi nusu sentensi, na hapo ndipo alama zinapopotelea.

Tutalishughulikia swali moja tu tangu mwanzo hadi mwisho: *Kwa nini Abushiri bin Salim alishindwa na Wajerumani mwaka 1889?* Na katika swali hilo tutaandika sababu moja, si zote.

## Habari tutakazozitumia

Tarehe 28 Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar aliikodisha Kampuni ya Ujerumani ya Afrika Mashariki utawala wa mwambao wa Mrima, pamoja na ushuru wa forodha, kwa miaka 50. Mwezi Agosti mwaka huohuo watumishi wa kampuni walianza kushika miji. Pangani, ambako kampuni iliwakilishwa na Emil von Zelewski, ugomvi ulizuka mara moja juu ya bendera na mamlaka ya liwali, na upinzani ukaenea pwani yote. Kufikia mwisho wa mwaka kampuni ilikuwa imebakiwa na Bagamoyo na Dar es Salaam tu.

Januari 1889 Bunge la Ujerumani liliidhinisha marki milioni 2 kwa ajili ya kuirudisha pwani mikononi mwa Wajerumani. Hermann von Wissmann aliteuliwa kuongoza kazi hiyo, akaajiri Wasudani wapatao 600 kutoka Misri na mamia ya wengine kutoka Msumbiji, chini ya maofisa wa Kijerumani. Tarehe 8 Mei 1889 aliiteka kambi ya Abushiri karibu na Bagamoyo. Saadani ilishambuliwa Juni, Pangani na Tanga zikatekwa Julai. Abushiri alikwenda bara, akapata washirika kwa Wambunga, ambao watu wa pwani waliwaita Mafiti. Alikamatwa Desemba na kunyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Hizo zinatosha, tena zimezidi. Katika aya yetu tutatumia tatu au nne tu, na kazi ya kwanza ni kujua zipi za kuacha.

## Hoja: ifinye mpaka iwe ya Abushiri peke yake

Sababu inayoandikwa kuliko zote kwenye karatasi za aina hii ni «silaha duni». Andika sentensi hii: *Abushiri alishindwa kwa sababu ya silaha duni.* Sasa futa jina la Abushiri uweke Mkwawa wa Wahehe. Sentensi imesimama vilevile. Weka Kinjikitile, bado imesimama. Hoja inayomfaa kila aliyepigana na Wajerumani haijasema lolote juu ya huyu aliyeulizwa. Liite jaribio la jina, na ulifanye kwa kila hoja kabla ya kuendelea. Halichukui hata nusu dakika.

Mfano wa Mkwawa una ubaya mwingine kwa hoja ya silaha. Mwezi Agosti 1891, kule Lugalo, Wahehe waliokuwa wengi wao na mikuki waliangamiza kikosi cha Wajerumani kilichokuwa na bunduki za kisasa. Kiongozi wa kikosi hicho alikuwa Zelewski, yuleyule wa Pangani, na aliuawa hapohapo. Kwa hiyo ubora wa silaha peke yake hauamui vita. Anayetaka kuitumia hoja hiyo inambidi aonyeshe silaha ipi, mahali gani, ilibadilisha nini. Na watu wa pwani hawakuwa wageni wa bunduki, maana zilikuwa zimepita kwenye bandari zao miaka mingi pamoja na misafara ya pembe.

Basi tunaifinya hoja kwa hatua. Jaribio la kwanza:

*Abushiri alishindwa kwa sababu Wajerumani walikuwa na nguvu.*

Hii ni kama kusema alishindwa kwa sababu alishindwa. Jaribio la pili:

*Abushiri alishindwa kwa sababu Wissmann alileta jeshi kubwa.*

Ni afadhali, maana ina mtu na kitendo. Lakini inaacha swali zito nje: mbona mwaka 1888 Wajerumani haohao walifukuzwa? Hoja nzuri juu ya kushindwa 1889 lazima ikumbuke ushindi wa 1888, kwa kuwa kitu fulani kilibadilika katikati. Tafuta kilichobadilika. Jaribio la tatu:

*Abushiri alishindwa kwa sababu tangu mwanzoni mwa 1889 aliyepigana naye hakuwa tena kampuni ya biashara, bali dola ya Ujerumani yenye fedha na askari wa mshahara.*

Fanya jaribio la jina. Ukiweka Mkwawa, sentensi inaanguka, kwa sababu Mkwawa hakupata kupigana na kampuni. Hoja imepata mwenyewe. Tena ina tarehe ndani yake, na tarehe hiyo itatuongoza kuchagua ushahidi.

Jambo moja la kuangalia: hoja haipaswi kubeba sababu mbili. Ukiandika «kwa sababu ya fedha za Ujerumani na kwa sababu wenyeji hawakuwa na umoja», umejifungia aya mbili ndani ya moja, na hakuna itakayofafanuliwa ipasavyo. Umoja na utengano ni hoja halali, lakini iandikie aya yake.

## Ushahidi: wa wakati huo, wa hoja hii, unaohakikika

Chukua kalamu ya risasi, andika pembeni kila unalokumbuka juu ya mwaka 1889, kisha uulize kila jambo maswali matatu. Je, ni la wakati unaozungumziwa? Linaigusa hoja hii au linagusa hadithi kwa jumla? Mwingine anaweza kulihakiki?

Swali la wakati linanasa makosa mengi kwa wanafunzi wa Bagamoyo, kwa sababu majengo ya Wajerumani yamewazunguka. Mtu anaandika kwamba nguvu za Wajerumani dhidi ya Abushiri zinaonekana kwenye Boma kubwa la mji. Boma lile lilijengwa 1897, Abushiri akiwa ameshakufa miaka minane. Haliwezi kushuhudia vita ya 1889. Lakini ngome ndogo ya Dunda, ambayo nayo ipo Bagamoyo, ni ya 1889 na ilijengwa wakati wa Wissmann. Hiyo inaweza kuingia katika aya inayosema Wajerumani waliushikilia mji kwa ngome. Kabla ya kutumia jengo lolote kuwa ushahidi, ulizia mwaka wake.

Swali la pili ni gumu zaidi, kwa sababu hapa unaacha vitu unavyovipenda. Kunyongwa kwa Abushiri tarehe 15 Desemba ni jambo la kweli, lina tarehe kamili, na kila mtu analijua. Kwa hoja yetu halifai. Linaonyesha kwamba alishindwa, ambalo swali limeshalisema, wala halionyeshi kwamba fedha na askari wa dola ndivyo vilivyomshinda. Hali kadhalika ugomvi wa bendera Pangani: huo ni ushahidi mzuri kwa swali la kwa nini vita ilianza. Uweke akiba.

Vinavyobaki ni marki milioni 2 za Januari 1889, askari walioajiriwa kwa fedha hizo, na kutekwa kwa kambi tarehe 8 Mei. Fedha, watu, tokeo. Vitatu hivi vinafuatana na vyote vinaigusa hoja moja kwa moja.

Kuhakikika kuna namna yake. Idadi ya askari andika «wapatao 600», usiandike 600 kavu, kwa kuwa hesabu za majeshi ya wakati ule ni za kukadiria. Ukisahau tarehe kamili, «mwanzoni mwa 1889» ni bora kuliko tarehe ya kubuni, maana tarehe moja ya uongo inamfanya msahihishaji azitilie shaka zote. Na epuka «inasemekana» isiyo na msemaji. Ikiwa unatumia shairi la Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mshairi wa upande wa Tanga aliyeitungia vita hii utenzi, mtaje kwa jina na umtumie kwa anachokijua: jinsi watu wa Mrima walivyoitazama dhuluma ya wageni. Kwa idadi ya askari wa Wissmann au kiasi cha marki, siyo shahidi wako.

Sasa andika ushahidi kwa sentensi mbili:

*Mwezi Januari Bunge la Ujerumani liliidhinisha marki milioni 2, na Hermann von Wissmann akazitumia kuajiri askari, wakiwemo Wasudani wapatao 600 kutoka Misri. Tarehe 8 Mei jeshi hilo liliteka kambi ya Abushiri karibu na Bagamoyo.*

Ukijikuta unaongeza sentensi ya tatu na ya nne, simama usome mwanzo wa vitenzi vyako. Kiswahili kina kipimo chake hapa, nacho ni *-ka-*. *Akafika, akashambulia, akateka, akaenda, akamkamata*: ukihesabu *-ka-* nne mfululizo katika aya ya insha, umeshaacha kujenga hoja, unasimulia. *-Ka-* moja inatosha kuunganisha tendo na tokeo lake, kama ilivyo hapo juu katika *akazitumia*. Zikizidi, rudi kwenye hoja uone ni matukio gani hayakuitwa.

## Ufafanuzi: hapa ndipo kazi ilipo

Ufafanuzi mbovu unajulikana kwa maneno yake ya kwanza: *Hii inaonyesha kwamba...* Kinachofuata karibu kila mara ni hoja ileile, ikiwa imebadilishwa neno moja au mawili. «Hii inaonyesha kwamba Abushiri alishindwa kwa sababu ya fedha na jeshi la Ujerumani.» Msomaji alishaambiwa hivyo kwenye sentensi ya kwanza. Maneno hayo si haramu, lakini anayeanza nayo hujidanganya kwamba ameshafafanua. Kwa muda wa kujifunza, yapige marufuku kabisa.

Badala yake jiulize *kwa vipi?* na usiridhike na jibu la kwanza. Tufanye hivyo na ushahidi wetu.

Marki milioni 2 na askari 600 vilimshinda Abushiri kwa vipi? Vilileta jeshi la kupigana naye. Jibu hili ni kweli, lakini bado ni la juu juu.

Jeshi hilo lilikuwa na nini ambacho kampuni haikuwa nacho? Kampuni ilikuwa na watumishi wachache tu katika kila mji. Ilitegemea mamlaka ya Sultani iliyoikodi, na watu wa miji walipoyakataa mamlaka hayo, hao wachache hawakuwa na namna ya kulazimisha. Hapa tumegusa kitu: ushindi wa 1888 ulikuwa ushindi dhidi ya ofisi, si dhidi ya jeshi.

Na askari wa mshahara waliweza kufanya nini kwa miezi ile ambacho watumishi wale hawakuweza? Waliweza kuvamia kambi iliyozungushiwa boma la miti. Wakishinda hawatawanyiki kwenda makwao, kwa sababu kwao ni mbali na mshahara unawangoja. Wanapanda meli, wanahamia mji unaofuata. Ndiyo maana kutoka Bagamoyo mwezi Mei tunawakuta Saadani Juni, na Pangani na Tanga Julai.

Hilo lilimfanyia nini Abushiri mwenyewe? Lilimnyang'anya bandari. Asiye na bandari hana njia rahisi ya baruti wala mapato, na yuko mbali na watu waliosimama naye tangu mwanzo. Ndipo tunapomkuta bara akitafuta msaada kwa Wambunga.

Maswali manne yametupa mnyororo: fedha, jeshi lisilotawanyika, bandari moja baada ya nyingine, Abushiri kusukumwa bara. Sasa ushahidi na hoja vina daraja kati yao. Huna haja ya kuandika kila pingili, chagua tatu.

Ukitaka kujua kama mnyororo wako unashika, tumia *-ngali-*. Kanusha ushahidi, uone tokeo linakwenda wapi: *Kama fedha zile zisingalipatikana, kampuni ingalibaki na miji miwili na watumishi wachache, na Abushiri angalikuwa bado na Pangani.* Sentensi inaingia akilini, kwa hiyo ushahidi unafanya kazi. Jaribu na kitanzi: *Kama Abushiri asingalinyongwa, asingalishindwa.* Haiingii, kwa kuwa alikuwa ameshashindwa miezi kadhaa kabla ya kukamatwa. Jaribio hili lifanyie pembeni. Katika aya yenyewe sentensi moja ya *-ngali-* inaweza kupendeza, mbili zinaleta ndoto.

Maneno ya kuungia yachague kwa kazi yake. *Kwa kuwa* na *maana* hutaja chanzo. *Kwa hiyo* na *ndiyo maana* huelekeza kwenye tokeo. *Ilhali* hulinganisha pande mbili, nayo inafaa sana pale unapoweka 1888 na 1889 uso kwa uso. *Pia* na *vilevile* hazifafanui lolote, zinaongeza tu. Ukiona ufafanuzi wako unaanza na *pia*, huenda umeleta ushahidi mpya kwa mlango wa nyuma.

## Aya iliyokamilika

*Abushiri alishindwa kwa sababu tangu mwanzoni mwa 1889 aliyepigana naye hakuwa tena kampuni ya biashara, bali dola ya Ujerumani yenye fedha na askari wa mshahara. Mwezi Januari Bunge la Ujerumani liliidhinisha marki milioni 2, na Hermann von Wissmann akazitumia kuajiri askari, wakiwemo Wasudani wapatao 600 kutoka Misri. Tarehe 8 Mei jeshi hilo liliteka kambi ya Abushiri karibu na Bagamoyo. Mwaka 1888 kampuni ilikuwa na watumishi wachache katika kila mji, ndiyo maana wenyeji walipoinuka ilipoteza karibu pwani yote, ilhali askari wa Wissmann waliweza kuvamia kambi yenye boma na kuendelea na mji unaofuata bila kutawanyika. Kufikia Julai walikuwa wameshika Pangani na Tanga. Kwa kupoteza bandari hizo Abushiri alikosa njia za kupatia baruti na mapato, akasukumwa bara kutafuta washirika wapya, mbali na watu waliomuunga mkono tangu mwanzo.*

Sentensi sita. Ya kwanza ni hoja, ya pili na ya tatu ni ushahidi, ya nne hadi ya sita ni ufafanuzi. Utaona kwamba sentensi ya tano ni tukio, Pangani na Tanga mwezi Julai, nalo limewekwa katikati ya ufafanuzi. Hilo si kosa. Pingili ya mnyororo inaweza kuwa na ukweli wake mdogo, mradi inaisukuma hoja mbele na haianzishi habari nyingine. Mpangilio wa hoja, ushahidi, ufafanuzi ni wa kukuongoza, si wa kukata kwa rula.

Linganisha na aya hii, ya aina inayoandikwa mara nyingi:

*Abushiri alishindwa kwa sababu ya silaha duni. Wajerumani walikuwa na silaha bora kama bunduki na mizinga lakini Abushiri na watu wake walikuwa na silaha duni. Kwa mfano, Wissmann alikuja na jeshi lenye silaha za kisasa. Hii inaonyesha kwamba silaha duni zilichangia kushindwa kwa Abushiri.*

Kwa haraka inaonekana ina sehemu zote tatu, hata «kwa mfano» imo. Soma tena. Sentensi ya pili ni ya kwanza iliyorefushwa. Ya tatu inajiita mfano, lakini haina tarehe, mahali wala idadi, kwa hiyo hakuna cha kuhakiki. Ya nne imerudi kwa ya kwanza. Aya nzima ni sentensi moja iliyoandikwa mara nne, na msahihishaji atatoa alama ya kutaja sababu tu. Kuitengeneza usianze na ufafanuzi, anza kuifinya hoja. Hoja pana haina ushahidi wake maalumu, na pasipo ushahidi maalumu hakuna cha kufafanua.

## Pingamizi la Bwana Heri

Anayejua historia ya Saadani atauliza: mbona Bwana Heri wa Uzigua alishambuliwa na jeshi hilohilo, kwa fedha hizohizo, na bado hakusalimu amri mpaka Aprili 1890? Ni swali zuri, na linagusa hoja yetu penye mshipa. Ikiwa fedha za dola zilitosha kumshinda Abushiri, ilikuwaje zichukue muda mrefu zaidi kwa jirani yake?

Usilifiche. Kwa aya fupi kuna njia mbili. Ya kwanza ni kupunguza makali ya hoja: badala ya «alishindwa kwa sababu», andika «sababu kubwa ya Abushiri kushindwa mapema ilikuwa». Ya pili ni kuongeza sentensi moja mwishoni: *Hata hivyo fedha hazikutosha peke yake, kwa kuwa Bwana Heri alistahimili jeshi hilohilo hadi Aprili 1890 akiwa miongoni mwa Wazigua wake.* Sentensi hiyo inaonyesha kwamba unajua mpaka wa hoja yako, na papo hapo inafungua mlango wa aya inayofuata, ya tofauti kati ya kiongozi aliyekuwa kwao na aliyesukumwa mbali na kwao. Katika mtihani njia ya pili huleta faida zaidi, lakini iandike mara moja tu katika insha nzima. Ukiweka «hata hivyo» mwisho wa kila aya, utaonekana huna unachokiamini.

## Ukiwa na saa mbele yako

Insha ya dakika 40 yenye aya sita za sababu, pamoja na utangulizi na hitimisho, inakupa kama dakika tano kwa aya. Usianze kuandika moja kwa moja. Tumia dakika moja kwenye karatasi ya rafu kuandika mistari mitatu mifupi, hivi:

H: 1889 dola, si kampuni
U: marki milioni 2, Januari, Wasudani 600, 8 Mei
F: watumishi wachache / jeshi halitawanyiki / bandari / bara

Ukikuta mstari wa F ni mtupu, usiandike aya hiyo kwa sasa. Peleka sababu hiyo mwisho wa orodha uanze na yenye F iliyojaa. Sababu nne zilizofafanuliwa huwa na uzito kuliko sita zilizotajwa tu, isipokuwa pale swali lenyewe linapodai idadi. Hapo andika idadi inayodaiwa, na zile dhaifu uzipe angalau ushahidi mmoja wenye tarehe na sentensi moja ya kwa vipi.

Ukimaliza, pitia kwa kalamu ya risasi: mstari chini ya hoja, mduara kwenye kila tarehe, idadi na jina, na mshale pembeni ya kila sentensi inayojibu kwa vipi. Aya yenye miduara minane na mshale mmoja ni simulizi. Yenye mishale mitatu na mduara sifuri ni maneno ya barazani. Kwa aya ya Abushiri hapo juu utapata mstari mmoja, miduara zaidi ya kumi na mishale mitatu. Miduara hiyo imekaribia kuzidi. Kama nafasi ni finyu, cha kwanza kuondoka ni idadi ya Wasudani, kwa sababu mnyororo unasimama hata bila hiyo.

Aya inayofuata inaweza kuchukua zuio la baharini: kuanzia Desemba 1888 manowari za Uingereza na Ujerumani ziliifunga pwani, kwa tangazo la kuzuia biashara ya watumwa na uingizaji wa silaha. Hoja, tarehe na ushahidi viko tayari. Kilichobaki ni kujibu kwa vipi, na hapo angalia usije ukarudi kwenye «silaha duni» kwa njia ya baharini.